Hooke, neo-Hooke au Mooney-Rivlin: uchague ipi unapokokotoa mvutano wa mpira

Blada inayofunga kreti nyuma ya pikipiki pale Gikomba huvutwa hadi mara mbili au tatu ya urefu wake kabla ya kupigwa fundo. Ukitaka kujua inavuta kwa nguvu kiasi gani, au ikifyatuka itakuwa na nishati kiasi gani, kuna njia tatu zinazotumika sana za kukokotoa. Ya kwanza ni kanuni ya Hooke, ile ya springi tuliyofundishwa shuleni. Ya pili ni modeli ya neo-Hooke, ambayo nayo ina namba moja tu ya kutafuta. Ya tatu ni Mooney-Rivlin, yenye namba mbili. Hapa tunaziweka tatu hizo mbele ya kipande kimoja cha tyubu tuone kila moja inakosea wapi, na kwa kiasi gani.

Msimamo wetu tunausema mapema: kwa kazi nyingi za mpira unaovutwa, anza na neo-Hooke. Hooke ibaki kwa mpira unaobadilika umbo kidogo sana. Mooney-Rivlin ndiyo inayolingana vizuri zaidi na vipimo vya kuvuta, na kwa sababu hiyohiyo ndiyo inayowadanganya watu wengi zaidi.

Kipimo chenyewe

Tafuta tyubu kuukuu ya pikipiki kwa fundi wa pancha. Kata ukanda wa upana wa mm 10 na urefu wa mm 200 hivi, ukifuata mzingo wa tyubu, mbali na kiraka na mbali na mstari wa kiungo. Tumia wembe mpya na rula ya chuma, kwa sababu ukingo wenye meno huanza kuchanika ukivutwa. Pima unene kwa kalipa katika sehemu tano kisha uchukue wastani. Usiikaze kalipa hadi mpira ubonyee: ukikosea mm 0.1 kwenye unene wa mm 2, umeshakosea asilimia 5 katika jibu la mwisho, hata modeli iwe nzuri namna gani.

Weka alama mbili za wino mweupe katikati ya ukanda, zikiwa zimeachana mm 100 kamili. Utapima umbali kati ya alama hizo, usipime kutoka kibanio hadi kibanio, maana karibu na vibanio mpira hauwezi kusinyaa upana wake na kwa hiyo haurefuki sawa na katikati. Bana ncha kwa vipande viwili vya mbao na boliti. Fundo halifai hapa kwa kuwa linateleza polepole, na utadhani mpira ndio unaorefuka.

Mzigo rahisi ni maji ndani ya chupa ya plastiki iliyopimwa kwenye mizani ya dukani. Kilo moja hapa Nairobi huvuta kwa nguvu ya N 9.78, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600. Ukitumia 9.81 ya vitabuni hakuna kitakachoharibika. Kosa la unene ni kubwa zaidi.

Kabla ya kusoma chochote, ning'iniza mzigo mkubwa kabisa utakaoutumia, uuondoe, urudie mara tatu au nne. Mpira wa tyubu umechanganywa na kaboni nyeusi, na mpira wa aina hiyo huwa mgumu zaidi unapovutwa kwa mara ya kwanza kuliko mara zinazofuata. Tabia hii huitwa athari ya Mullins. Ukiruka hatua hii, usomaji wako wa kwanza utakuwa wa mpira mmoja na wa mwisho wa mpira mwingine. Kisha ongeza mzigo hatua kwa hatua, usubiri dakika moja kila mara, ndipo usome. Dakika moja iwe dakika moja kila hatua, kwa sababu mpira huendelea kurefuka taratibu hata mzigo usipobadilika.

Kwa ukanda wa mm 10 kwa mm 2, yaani eneo la mm² 20, tutumie namba hizi za mfano. Tumezilainisha ili hesabu ifuatike. Zako zitayumba milimita mbili tatu huku na huku.

| Mzigo (kg) | Urefu kati ya alama (mm) | Hooke inasema | neo-Hooke inasema | Mooney-Rivlin inasema |
|---|---|---|---|---|
| 0 | 100 | 100 | 100 | 100 |
| 0.25 | 109 | 109 | 111 | 109 |
| 0.5 | 121 | 118 | 124 | 121 |
| 1.0 | 155 | 136 | 157 | 155 |
| 1.5 | 208 | 154 | 200 | 208 |
| 2.0 | 276 | 172 | 249 | 276 |

Safu tatu za kulia zimetoka wapi? Tuzichukue moja moja.

Hooke: namba isiyotulia

Hooke alichapisha kanuni yake mwaka 1678: kadiri ya mvuto, ndivyo kadiri ya kurefuka. Kwa maneno ya karakana, gawa nguvu kwa eneo la mwanzo upate mkazo σ, gawa urefu ulioongezeka kwa urefu wa mwanzo upate kiwango cha kurefuka e, kisha σ = E·e, ambapo E ni ugumu wa nyenzo.

Kwa mzigo wa kilo 0.25 mkazo ni 2.445 ÷ 20 = MPa 0.122. Kiwango cha kurefuka ni 0.09. Kwa hiyo E ni MPa 1.36. Safu ya Hooke kwenye jedwali imetumia E hiyo, na kwa kilo 2 inatabiri mm 172 wakati alama zimefika mm 276. Hilo si kosa la kusoma rula.

Sasa fanya kinyume, utafute E kwa kutumia usomaji wa mwisho: 0.978 ÷ 1.76 ni MPa 0.56. Ukiipata E kutoka kila mstari utaona inashuka hivi: 1.36, 1.16, 0.89, 0.68, 0.56. Namba inayopaswa kuwa sifa ya mpira imepungua kwa karibu asilimia 60 ndani ya jaribio moja. Mtu akikwambia "E ya mpira huu ni MPa moja", muulize ameipimia kwenye urefu gani.

Kuna sababu mbili zinazotenda kazi pamoja. Ya kwanza ni ya umbo. Mpira haukubali kubadilisha ujazo wake kirahisi: kuupunguza ujazo kunahitaji mkazo mara elfu kadhaa ya ule unaohitajika kuubadilisha umbo. Kwa hiyo ukirefuka mara mbili, eneo la kukata linabaki nusu. Chuma nacho hupungua eneo kikivutwa, lakini kinapofikia ukomo wake wa unyumbufu kimerefuka sehemu ndogo ya asilimia moja, ndiyo maana hakuna anayejali.

Ya pili ni ya ndani ya nyenzo. Ukivuta chuma unazitenganisha atomu zilizoshikana, na mvutano wa atomu hizo ndio unaorudisha waya. Mpira umeumbwa kwa minyororo mirefu ya molekuli iliyojikunjakunja ovyo, imefungwa pamoja hapa na pale wakati wa kupikwa kwa salfa. Ukiuvuta, unaikunjua minyororo bila kuzitenganisha atomu zenyewe. Kinachoirudisha ni mtikisiko wa joto: mnyororo una namna nyingi mno za kukunjika na namna chache za kunyooka, kwa hiyo ukiachiwa hurudi kukunjika. John Gough aliripoti mwaka 1805 kwamba mpira ulioning'inizwa mzigo husinyaa ukipashwa moto. Unaweza kulithibitisha kwa ukanda huu: ning'iniza kilo 1.5, subiri hadi uache kurefuka, kisha umwagie maji ya moto polepole. Mzigo utapanda. Waya wa chuma ungeshuka. Usijaribu kwa mzigo mdogo sana, kwa sababu mpira uliovutwa chini ya asilimia 10 hivi hutawaliwa na kutanuka kwa kawaida kwa joto, na matokeo yanageuka.

Je, Hooke haifai kabisa? Inafaa, na mpaka wake unaweza kukadiriwa kichwani. Kwa mpira unaovutwa, Hooke hukosea kwa asilimia inayokaribia kiwango chenyewe cha kurefuka. Ukivuta asilimia 5, inazidisha nguvu kwa asilimia 5 hivi. Ukivuta asilimia 10, inazidisha kwa karibu asilimia 10. Bushi na mauntini za injini zinazouzwa Kirinyaga Road hufanya kazi ndani ya mpaka huo kwa sehemu kubwa ya maisha yao, na kwa hizo kuleta modeli nzito ni kujichosha. Blada haimo.

neo-Hooke: anza na nishati

Njia ya pili haianzi na nguvu. Inauliza kwanza: kila ujazo mmoja wa mpira umehifadhi nishati kiasi gani ukiwa umebadilika umbo hivi? Nguvu hufuata baadaye, kwa kuangalia nishati inaongezeka kwa kasi gani unapovuta zaidi.

Chukua kijipande cha mchemraba ndani ya mpira. Kikibadilika umbo, kila upande wake unazidishwa kwa uwiano fulani: λ₁, λ₂ na λ₃. Uwiano wa 1 maana yake upande haujabadilika, na 2 maana yake umerefuka maradufu. Hesabu ya minyororo iliyojikunja inaishia kwenye kanuni fupi:

W = (G/2)(λ₁² + λ₂² + λ₃² − 3)

W ni nishati kwa ujazo. Hiyo −3 ipo ili mpira usioguswa uwe na nishati sifuri. G ndiyo namba pekee ya kutafuta, nayo ina maana ya kimwili: G = N·k·T, yaani idadi ya vipande vya mnyororo ndani ya ujazo, mara namba isiyobadilika ya Boltzmann, mara halijoto katika kelvini. Mpira ukifungwa kwa salfa nyingi zaidi, N inapanda na mpira unakuwa mgumu. Kutoka asubuhi ya Julai ya nyuzi 12 hadi mchana wa Februari wa nyuzi 28, kanuni hii inasema G ya ukanda uleule inapanda kwa asilimia 5 na kidogo. Ndiyo sababu ya kuandika halijoto kando ya vipimo vyako.

Ujazo haubadiliki, kwa hiyo λ₁ × λ₂ × λ₃ = 1. Ukivuta upande mmoja kwa uwiano λ, pande mbili nyingine zinasinyaa sawasawa hadi 1/√λ kila moja. Weka ndani ya kanuni:

W = (G/2)(λ² + 2/λ − 3)

Tafuta kasi ya W kwa λ, upate mkazo kwa eneo la mwanzo:

σ = G(λ − 1/λ²)

Hiyo 1/λ² ndiyo inayokunja mstari ulionyooka wa Hooke. Mvuto ukiwa mdogo sana, kanuni yote inarudi kuwa σ = 3G·e, kwa hiyo E = 3G. Hooke haijatupwa, imekuwa mwanzo tu wa mkunjo.

Sasa ipime kwa jaribio lilelile tuliloifanyia E. Gawa mkazo wa kila mstari kwa (λ − 1/λ²). Kwa kilo 1, λ ni 1.55, na 1/λ² ni 0.416, kwa hiyo kigawanyo ni 1.134, na G ni 0.489 ÷ 1.134 = MPa 0.43. Kwa mistari yote mitano unapata 0.49, 0.46, 0.43, 0.40, 0.37. Nayo inashuka, lakini kwa robo tu pale E iliposhuka kwa zaidi ya nusu. Ukichagua G = 0.42 ya katikati, utabiri wa urefu hadi kilo 1.5 unakosea milimita mbili hadi nane, na kwa kilo 2 unakosea milimita 27. Kwa namba moja iliyopatikana kwa chupa ya maji, hatulalamiki.

Faida kubwa zaidi inaonekana kwenye nishati. Ukanda uliofika mm 276 una λ ya 2.76, na ujazo wa mm³ 2,000. neo-Hooke inatoa W = 0.21 × (7.62 + 0.72 − 3) = 1.12, ambayo kwa ujazo huo ni jouli 2.2. Ukijumlisha eneo lililo chini ya mchoro wa vipimo vyenyewe, hatua kwa hatua, unapata jouli 2.1. Hooke yenye E ya 1.36 inatoa jouli 4.2, mara mbili ya ukweli. Anayetengeneza manati au kizuizi cha kunasa mshtuko kwa hesabu ya Hooke ataishangaa kazi yake.

Kuna mtego mmoja hapa wa kuandika kwa wino mwekundu. Mkazo wote tuliotumia umegawanywa kwa eneo la mwanzo. Ukigawa kwa eneo lililobaki baada ya kusinyaa, kanuni inakuwa G(λ² − 1/λ), na mchoro unapinda kwenda juu badala ya kwenda chini. Kwa kilo 2, mkazo mmoja ni MPa 0.98 na mwingine ni MPa 2.7, na yote ni sahihi. Ukisoma mchoro wa mtu na umbo lake ni kinyume cha wako, angalia kwanza amegawa kwa eneo gani kabla ya kumlaumu.

Mtego wa pili uko kwenye programu za kompyuta. Nyingi haziombi G. Zinaomba `C10`, ambayo ni nusu ya G. Kwa ukanda wetu, katika CalculiX, ukitumia milimita na MPa:

```
*HYPERELASTIC, NEO HOOKE
0.21, 0.001
```

Namba ya pili inahusu ugumu wa ujazo K, nayo ni 2/K; hapa K imechukuliwa kuwa MPa 2,000. Ukiandika 0.42 mahali pa 0.21, mpira wako utakuwa mgumu maradufu na programu haitakuonya.

Mooney-Rivlin: nzuri mno kwenye mvuto

Melvin Mooney alitoa wazo lake mwaka 1940, na Ronald Rivlin akalipa umbo pana zaidi mwishoni mwa miaka hiyo ya 40. Nishati inapata kipande cha pili chenye namba yake, na kwa mpira unaovutwa upande mmoja mkazo unakuwa:

σ = 2(λ − 1/λ²)(C₁ + C₂/λ)

Kuzipata namba hizo ni kazi ya karatasi ya grafu. Chukua kila G uliyoipata juu, igawe kwa mbili, iweke kwenye mhimili wa wima. Kwenye mhimili wa ulalo weka 1/λ. Kwa vipimo vyetu nukta zinaanguka karibu na mstari mmoja: kutoka 0.186 pale 1/λ ilipo 0.36, hadi 0.246 pale ilipo 0.92. Mstari unaopita kati yake unakata wima karibu na 0.15, hiyo ni C₁, na mteremko wake ni 0.10 hivi, hiyo ni C₂. Jumla yake mara mbili, MPa 0.5, ni G ya mwanzo kabisa. Safu ya mwisho ya jedwali inalingana na vipimo milimita kwa milimita.

Hapo ndipo watu hufunga daftari wakaenda kubuni kitu kingine kwa namba hizohizo. Tatizo ni kwamba vipimo vya kuvuta upande mmoja havisemi mengi kuhusu C₂ katika hali nyingine, na hesabu huongeza kosa haraka. Tuseme unataka kubonyeza mpira huo hadi nusu ya kimo chake, λ = 0.5. Mooney-Rivlin yetu inatoa 2 × 3.5 × (0.15 + 0.20) = MPa 2.45. neo-Hooke inatoa 0.42 × 3.5 = MPa 1.47. Tofauti ni theluthi mbili, na kawaida mpira halisi husimama karibu na neo-Hooke, kwa kuwa ukichora grafu ileile kwa vipimo vya kubonyeza, mteremko hutoweka karibu wote.

Kuvuta pande mbili kwa wakati mmoja, kama ngozi ya puto, ni kubaya zaidi. Huko kipande cha C₂ huzidishwa kwa λ². Kwa λ ya 2, Mooney-Rivlin inadai MPa 2.2 pale neo-Hooke inapodai 0.83. Lolote lililo sahihi, huwezi kuamini mkadirio ulioruka mara 2.6 kwa sababu ya mteremko uliochorwa kwa jicho. Ukitaka kutumia Mooney-Rivlin kwenye kitu kinachofura, pima mpira ukiwa unafura.

Puto lenyewe ni mahali neo-Hooke inapong'aa. Kwa puto la mviringo lenye nusu kipenyo r na unene t kabla ya kujazwa, kanuni inatoa shinikizo la 2G(t/r)(1/λ − 1/λ⁷). Kilele chake kiko pale λ inapofika 1.38, kisha shinikizo linashuka huku puto likiendelea kukua. Kila aliyewahi kujaza puto kwa mdomo amekiona kilele hicho kwa mashavu yake: pumzi za kwanza ni ngumu, halafu ghafla linakubali. Kanuni ya Hooke ikitumiwa kwa umbo la mwanzo tu haina kilele. Inasema ugumu utaongezeka milele.

Pale zote tatu zinaposhindwa

Mwaka 1944 L. R. G. Treloar alichapisha vipimo vya mpira wa asili ambavyo hadi leo hutumiwa kujaribia modeli mpya. Mpira wake uliendelea hadi zaidi ya mara saba ya urefu wa mwanzo. neo-Hooke yenye G ya karibu MPa 0.39 hufuata vizuri mwanzoni, hupita juu ya vipimo kuanzia λ ya 1.5 hivi, kisha mambo yanageuka. Kwa λ ya 4 inasema MPa 1.5 na kipimo ni karibu 1.2. Kwa λ ya 7 inasema 2.7 na kipimo kimevuka 4.

Mwisho huo wa kupanda una maana: minyororo imekaribia kunyooka kabisa na haina tena mikunjo ya kutoa, na katika mpira wa asili sehemu zake huanza kujipanga kuwa fuwele. Mooney-Rivlin haiwezi kuuonyesha, kwa sababu kwa λ kubwa C₂/λ inatoweka na kinachobaki ni neo-Hooke nyingine. Utajua umefika huko ukiona G uliyokuwa ukiikokotoa inaacha kushuka na kuanza kupanda. Ikifika hapo, tafuta modeli yenye ukomo wa kurefuka ndani yake; ya Gent ya mwaka 1996 ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa inaongeza namba moja tu juu ya G.

Hakuna kati ya hizi inayojua muda. Shusha mizigo hatua kwa hatua jinsi ulivyoipandisha, usome tena, na kila urefu utakuwa mkubwa kidogo kuliko ulivyokuwa wakati wa kupanda. Nafasi kati ya michoro miwili ni nishati iliyogeuka joto. Kwa tyubu ya butili nafasi hiyo ni pana kuliko kwa mpira wa asili, kwa hiyo jouli 2.1 zilizoingia hazitoki zote blada ikifyatuka. Hata hizo zinazotoka zinatosha kuharibu jicho. Simama pembeni ya ukanda unapoupima, usisimame kwenye mstari wake.

Basi unachagua vipi

Swali la kwanza ni mpira wako unabadilika umbo kwa kiasi gani, na unaweza kulijibu kwa rula. Chini ya asilimia 5 hadi 10, tumia Hooke, lakini E uipate ndani ya mpaka huohuo. Kati ya hapo na λ ya 2 au 2.5, au pale mpira unapobonyezwa, kufura na kuvutwa kwa pamoja, tumia neo-Hooke, na G uipate karibu na urefu ambao kitu kitafanyia kazi. Blada yako ikikaa kwenye λ ya 2 siku zote, tumia 0.40 ya mstari ule na usihangaike na 0.49. Mooney-Rivlin itumie pale kitu kinapofanya kazi kwa namna ileile uliyokipima, kwa mfano ukanda unaovutwa upande mmoja, na unahitaji milimita chache za usahihi.

Kwa anayekata pedi za mpira za kuweka chini ya mashine huko Kariobangi Light Industries, kuna jambo linalozidi uchaguzi wote huu. Pedi iliyogundishwa kwenye bamba la chuma juu na chini haiwezi kuchomoza pembeni kwa uhuru, na kwa kuwa ujazo wake haupungui, inakuwa ngumu mno. Gawa eneo linalobeba mzigo kwa eneo la pembeni lililo huru upate S. Kwa pedi ya mraba, ugumu wake wa kubonyea unakaribia 3G(1 + 2S²). Pedi ya mm 100 kwa mm 100 yenye unene wa mm 10 ina S ya 10,000 ÷ 4,000 = 2.5, kwa hiyo ni ngumu mara 13.5 ya ile 3G uliyoipata kwa kuvuta ukanda. Ukiongeza unene hadi mm 20, S inakuwa 1.25 na kizidishi kinashuka hadi karibu 4. Pedi ikishindwa kupunguza mtetemo wa kompresa, hesabu S kwanza kabla ya kubadilisha aina ya mpira.